Hadithi fupi ya mwalimu, insha nzuri mno na shaka ya mashine: mwongozo kamili wa kuiandika

Hadithi ya mwalimu anayepokea insha nzuri mno na kushuku kwamba iliandikwa na mashine huharibika kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa. Mwandishi huanza bila kujua ni nani aliyeandika ile insha, akidhani kwamba kutojua kwake mwenyewe ndiko kutakakoleta fumbo. Matokeo yake ni mwalimu anayewaza kurasa nne nzima, ishara zisizoshikana, na mwisho unaomwacha msomaji njia panda kwa sababu mwandishi naye yuko papo hapo. Fumbo ni la mwalimu. Wewe mwandishi lazima ujue kila kitu: nani alishika kalamu, nani alishika simu, saa ngapi, na kwa nini.

Katika mwongozo huu tutajenga hadithi moja ya maneno 2,600 hivi, tukiifuata hatua kwa hatua. Wahusika ni wa kubuni. Mwalimu ni Akello, mtu wa kabila la Lango kutoka kaskazini, anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa wilayani Kikuube, Uganda. Mwanafunzi ni Furaha, wa kidato cha tatu, aliyezaliwa Ituri nchini Kongo na kuvuka Ziwa Albert na mama yake. Sasa wanaishi katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali.

Kwanza, chagua shule na somo vitakavyokupa ushahidi

Waandishi wengi wangechagua somo la Kiingereza. Kwa Uganda, somo la Kiswahili lina utajiri zaidi, kwa sababu Waganda hawakifikii Kiswahili kwa njia moja. Mtoto wa Masaka hukutana nacho zaidi darasani. Mtoto wa Busia hukisikia mpakani kila siku. Mtoto wa Koboko au Arua huenda amekikuta nyumbani. Mtoto wa Kyangwali aliyetoka Kongo anakizungumza tangu alipoanza kusema, ila si kile cha kitabuni. Hivyo insha nzuri isiyotarajiwa ina maelezo zaidi ya moja tangu mwanzo, na hapo ndipo shaka ya kweli inapoweza kukaa.

Akello naye mpe njia yake. Lugha ya Kilango haina ngeli za kibantu, kwa hiyo yeye alikijenga Kiswahili chake kwa kanuni, jedwali moja baada ya jingine, chuoni. Zaidi ya hapo, alikulia mahali ambapo wazee wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari, waliyoisikia kwenye vizuizi barabarani. Mwalimu aliyeipata lugha kwa shida hivyo huwa mkali kwa kanuni. Sifa hii ya Akello isikae kama pambo, maana baadaye itageuka sehemu ya kesi.

Weka pia kitu kinachomlazimisha kuamua. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza Uganda mwaka 2020, na wanafunzi wa kwanza kuumaliza walifanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, mwaka 2024. Chini ya mtaala huo, asilimia 20 ya alama ya mwisho hutokana na kazi zilizofanywa shuleni. Alama ya Akello basi si ya kumfurahisha mtoto tu; inamfuata. Kisha ongeza tarehe: 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, inayoangukia ndani ya muhula wa pili. Mkuu wa taaluma amesoma insha na anataka Furaha aisome mbele ya shule siku hiyo. Hadithi ianze Jumatatu, siku chache kabla. Bila tarehe kama hii, mwalimu ataahirisha uamuzi, na hadithi nayo itaahirisha.

Pili, amua ukweli, na usichague ncha mojawapo

Kuna njia mbili ambazo msomaji atazitabiri kabla hujafika ukurasa wa pili. Ya kwanza: mtoto aliandika mwenyewe, mwalimu alimdhulumu, aibu ni ya mwalimu. Ya pili: mashine iliandika yote, mtoto ni mdanganyifu. Zote mbili zinamwachia mwalimu kazi ya kupeleleza tu. Akishapata jibu, hana cha kuamua.

Ukweli wa hadithi yetu uwe huu. Furaha aliandika insha yote kwenye daftari, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Jioni yake binamu yake, anayemiliki simu ya kisasa, aliichapa insha ile neno kwa neno kwenye programu ya akili mnemba na kuiomba iigeuze iwe Kiswahili sanifu. Furaha akainakili kwa mkono ile iliyotoka kwenye simu. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu muhula wa kwanza Akello alimkata alama 3 kwa maneno kama «fasi» na «banasema», akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: «Hiki si Kiswahili.»

Sasa kuna kitu cha kuamua. Fikra ni za mtoto, sentensi si zake kabisa, na aliyemsukuma kwenye simu ni mwalimu mwenyewe. Hata Akello akijua yote hayo bado atakuwa hajui afanye nini, na hali hiyo ndiyo unayoitaka.

Tatu, andika insha yenyewe, kwa hatua mbili

Hapa ndipo waandishi wengi hukimbia. Wanasema «insha ilikuwa ya ajabu» bila kumwonyesha msomaji hata mstari mmoja. Msomaji hawezi kushiriki shaka ya mwalimu juu ya maandishi ambayo hajayaona. Unahitaji maneno 80 hadi 120 ya insha ndani ya hadithi, na lazima yawe mazuri kweli.

Uzuri wa insha ya mtoto hautoki kwenye misamiati mikubwa. Unatoka kwenye jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua, likiwekwa mahali pake bila kelele. Tumpe Furaha mada ambayo mwalimu aliitoa kwa darasa zima, «Kazi ninayoifahamu», naye aandike juu ya muziri, vile visamaki vidogo vya Ziwa Albert ambavyo wanawake wa mwaloni huvianika juani. Kwa daftari, anza hivi:

«Mama anaanikaka muziri ku muchanga. Mvua ikikuya batu bote banakimbia. Muziri ikilowa mara mbili hakuna mutu anauza, inakuwa ya kuku tu. Mama iko anaangalia mawingu kuliko anaangalia sisi.»

Andika rasimu hii kwanza, kabla ya ile safi, na uiandike yote hata kama utatumia mistari minne. Sababu ni ya kiufundi. Ukianza na insha safi kisha ukairudisha nyuma kuwa ya «Kikongo», utaweka makosa ya kubuni, na msomaji wa Bunia, huko Ituri, ataona mara moja. Kiswahili cha mashariki ya Kongo si Kiswahili kibovu. Kina mpangilio wake. Kiambishi «ba-» huchukua nafasi ya «wa-», «ku» hufanya kazi ya «-ni» ya mahali, na tamati «-aka» huonyesha jambo la mazoea. Mtumie mtu anayekizungumza akusomee. Makosa ya kubuni hapa ni dharau, na pia yanavunja ushahidi wako.

Kisha fanya kazi ya mashine wewe mwenyewe. Iandike insha safi kwa sentensi zilizonyooka:

«Mama huanika dagaa juu ya mchanga tangu alfajiri. Mvua inapokuja, watu wote hukimbia, kwa sababu dagaa wakilowa mara mbili hakuna mtu anayewauza; huwa chakula cha kuku. Mama hutazama mawingu kuliko anavyotutazama sisi. Hivyo basi, ni dhahiri kwamba ziwa si maji tu, bali ni chanzo cha matumaini na riziki kwa jamii nzima.»

Linganisha vipande viwili hivi pole pole, kwa sababu msuko wote umefichwa humo. Sentensi ya tatu, ile ya mawingu, imevuka salama. Ndiyo inayomfanya Akello aweke kalamu chini. Sentensi ya mwisho haimo kwenye daftari kabisa. Mashine imeiongeza ili kufunga vizuri, kwa mtindo wa «si hiki tu, bali ni kile» ambao mashine huupenda. «Muziri» imekuwa «dagaa», kwa sababu dagaa ndilo jina linalojulikana zaidi katika maandishi ya Kiswahili. Na kuna jambo moja dogo kuliko yote: katika Kiswahili cha Kongo, «kuuza» ni kile ambacho Mtanzania au Mganda angeita kununua. Mtoto alisema hakuna anayenunua. Mashine ikaliacha neno lilivyo, ikapanga sarufi yake vizuri, na sentensi ikabaki inaeleweka kwa maana nyingine: hakuna anayeuza. Msomaji atapita juu yake mara ya kwanza, na ni vizuri apite.

Nne, kila ishara iwe na makali mawili

Kanuni ya kuweka ishara ni hii: kila kitu anachokiona Akello lazima kiweze kusomwa kwa njia mbili, na mwalimu mwenye akili azione zote mbili. Ishara ya upande mmoja humaliza hadithi. Usiweke zaidi ya nne. Msomaji wa hadithi fupi hawezi kubeba zaidi.

Ya kwanza ni usafi wa mwandiko. Katika shule nyingi za Uganda insha huandikwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna faili la kuchunguza wala saa ya kuhifadhiwa. Kuna wino tu. Furaha hajafuta chochote, ila katika mstari wa 11 amerukia mbele: ameandika nusu ya sentensi, akaikata, kisha akaanza sentensi inayotakiwa. Kosa hili hutokea jicho linaponakili na kukuta neno moja limerudiwa mistari miwili chini. Akello anajua maana yake: mtoto alikuwa akinakili kutoka mahali. Lakini ndiye aliyewaambia darasani waandike rasimu kwanza, halafu nakala safi. Mwanafunzi mtiifu anayenakili rasimu yake mwenyewe huruka vilevile.

Ya pili ni ile tamati ya «hivyo basi, ni dhahiri kwamba». Akello anaitilia shaka kwa sekunde chache, kisha anageuka na kuiona ubaoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, chini ya kichwa «Maneno ya kufungia insha». Mpe msomaji ubao huo mapema, katika aya ya pili, kabla hajajua una kazi gani. Hii ndiyo ishara tunayoipenda kuliko zote, kwa sababu inasema kweli juu ya madarasa yetu: tumewakaririsha watoto mianzo na miisho kwa miaka mingi, kisha tunashangaa wakisikika kama mashine.

Ya tatu ni dagaa. Kyangwali hakuna anayewaita muziri dagaa. Lakini kitabu cha darasani kinasema dagaa, na mtoto aliyewahi kukatwa alama kwa maneno ya nyumbani ana kila sababu ya kufuata kitabu.

Ya nne, «anayewauza», iache imelala mpaka mazungumzo.

Tano, kipimo cha mashine kipewe ukurasa mmoja tu

Msomaji wa leo atauliza kwa nini mwalimu hakutumia programu ya kutambua maandishi ya mashine. Mjibu ndani ya hadithi, kwa maneno 250 yasiyozidi. Mkuu wa taaluma ndiye anayefaa kuleta jambo hili: ni mtu mwema, ana haraka, na anataka jibu kabla ya tarehe 7. Akello anaichapa insha kwenye kompyuta ya ofisi kwa vidole viwili, na skrini inatoa namba: asilimia 88.

Ili uandike tukio hili bila kudanganya, jua programu hizi zinafanya nini. Hazina kumbukumbu ya nani aliandika nini. Nyingi hupima jinsi kila neno linavyotabirika baada ya lile lililotangulia, na jinsi sentensi zinavyofanana kwa mwendo. Maandishi yanayotabirika sana huhesabiwa kuwa ya mashine. Ndiyo maana huwaonea watu wanaoandika lugha ya pili, ambao hutumia maneno yaliyozoeleka na sentensi salama. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulizipima programu 7 kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu wasiozaliwa nacho. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine, ilhali ziliandikwa na watu. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotoa ChatGPT Novemba 2022, ilikifuta kipimo chake Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Kilikuwa kikikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Na hayo yote ni kwa Kiingereza, lugha ambayo programu hizi zimejengwa juu yake zaidi.

Namba hizi ni za kukuongoza wewe. Usimpe Akello hotuba. Mpe jaribio moja ambalo mwalimu yeyote angeweza kulifanya: anachapa pia insha ya mfano aliyoiandika yeye mwenyewe chuoni, miaka kabla mashine hizo hazijakuwapo. Skrini inasema asilimia 91. Mkuu wa taaluma anaitazama, anasema, «Sasa mwalimu, tufanyeje?» na tukio linaisha hapo. Kosa la kawaida ni kukifanya kipimo kuwa hakimu wa hadithi, ama kwa kukisadiki ama kwa kukidharau. Kazi yake hapa ni kumrudishia mwalimu mzigo.

Sita, mazungumzo

Hili ndilo tukio kuu. Lipe maneno 600. Walimu wenye uzoefu hawamuulizi mtoto «Je, uliandika wewe?» kwa sababu jibu ni moja tu, na likishatoka, mlango umefungwa. Wanamuuliza juu ya kilichomo. Maswali matatu yanatosha: moja la kupanua, moja la chanzo, moja la chaguo. La kupanua linamtaka aseme jambo ambalo insha haikulisema. La chanzo linamuuliza alijuaje. La chaguo linamuuliza kwa nini aliandika hivi na si vile. Anayeijua mada hushinda la kwanza na la pili kwa urahisi. La tatu ndilo gumu kwa anayenakili, kwa sababu chaguo hakulifanya yeye.

Akello akae upande mmoja wa dawati na Furaha, asimsimamishe mbele yake. Jambo dogo la mkao hubadilisha sauti ya maneno yote yanayofuata.

«Furaha, mwanangu, hawa dagaa hukauka kwa siku ngapi?»

«Jua likiwa kali, siku moja, Mwalimu. Lakini wakigusa muchanga sana wanakuwa na mawe ndani, bei inashuka. Wenye pesa wanaanika juu ya neti, juu ya miti.»

«Hilo hukuliandika.»

«Maneno yalikuwa yamefika mia tatu.»

Angalia kilichotokea. Mtoto amejua zaidi ya insha, na sababu yake ya kuliacha ni ya mwandishi wa kweli. Kiswahili chake cha mdomoni kimeanza kikiwa kimevaa sare, kisha kikalegea kwenye «muchanga». Usikieleze, msomaji anasikia.

Sasa lete ishara iliyolala.

«Umeandika kwamba wakilowa mara mbili hakuna mtu anayewauza. Kwa nini mama asiwauze kwa bei ya chini?»

«Anauzisha, Mwalimu. Anapanga ku soko mpaka jioni. Batu ndio hawauzi.»

«Hawauzi?»

«Hawatoi pesa. Hawabebi.»

Hapa Akello anaelewa, na mwandishi anapaswa kunyamaza kwa mistari miwili. Ameelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba fikra ile ilizaliwa katika kichwa cha mtoto huyu, kwa sababu kosa la namna hiyo halizaliwi kwingine, na kwamba mkono mwingine umeipanga sarufi juu ya neno ambalo haukulielewa. Hata hivyo, hata hili lina kali la pili. Furaha angeweza kujisanifisha mwenyewe na kuliacha neno lile lile. Kwa hiyo swali la chaguo bado linahitajika, nalo liwe fupi: «Kwa nini dagaa, si muziri?» Mtoto hajibu. Anafungua mkoba, anatoa daftari, analiweka juu ya dawati. Asilie, na asiungame kwa maneno mengi. Daftari limeandikwa kwa penseli, na juu ya ukurasa limebanwa lile karatasi la muhula wa kwanza lenye wino mwekundu.

Hatari ya tukio hili ni kumfanya mwalimu afasiri kila kitu kwa sauti. Akello akisema «Kumbe kwenu kuuza ni kununua!» umemuua. Mwache auweke ukucha wake chini ya neno lile kwenye daftari, kisha chini ya neno lile kwenye nakala safi.

Saba, uamuzi uwe na bei

Mwalimu ana nafasi moja tu kwenye orodha ya alama, na namba moja tu inaweza kuingia. Pima kila njia kwa kuuliza inamgharimu nani. Sifuri inamgharimu mtoto peke yake, na ingempa adhabu kwa kujaribu kutii. Alama kamili inawagharimu wenzake 60 walioandika bila simu ya binamu. Kumpeleka kwa mwalimu mkuu kunamwondolea Akello mzigo, na kwa hiyo ni woga hata kama kanuni inaruhusu.

Njia tunayoipendekeza kwa hadithi hii ina sehemu tatu, na kila sehemu inamkata mtu. Nakala safi haipewi alama. Akello anaandika sababu juu yake kwa sentensi moja na kuweka sahihi. Furaha anaandika mada ile ile upya, darasani, dakika 40, daftari likiwa wazi mbele yake, na alama ya hiyo ndiyo inayoingia kwenye orodha: 14 kati ya 20, si zaidi, kwa sababu ngeli bado zinamsumbua. Jina lake linatoka kwenye ratiba ya tarehe 7. Kisha Akello analichukua lile karatasi la muhula wa kwanza. Anakata maneno «Hiki si Kiswahili», anaandika badala yake «Sanifu: mahali; wanasema», na kumrudishia alama 2 kati ya 3. Ile moja anaibakiza, kwa sababu somo ni Kiswahili sanifu na mtihani utamdai. Mabadiliko ya alama za muhula uliopita lazima yapite kwa mkuu wa taaluma, kwa hiyo kesho yake atatakiwa kueleza kosa lake kwa mkubwa wake.

Wengine watasema jina la mtoto libaki kwenye ratiba, asome daftari lenyewe, shule ipige makofi. Usiifuate njia hiyo. Makofi yatafuta deni lote ambalo hadithi imelijenga, na katika uwanja wa shule yenye watoto 900, anayesoma «batu bote banakimbia» atachekwa kabla hajafika kwenye mawingu.

Nane, gawanya maneno na usome upya

Kwa maneno 2,600, mgawanyo unaoshika vizuri ni huu: 350 kwa Jumatatu, ubao na insha, 600 kwa ishara na wasiwasi wa Akello, 250 kwa kipimo, 500 kwa usiku anaporudia karatasi za zamani na matembezi yake hadi mwaloni, 600 kwa mazungumzo, 300 kwa uamuzi. Ukizidi, punguza ile sehemu ya usiku. Mawazo ya mwalimu peke yake ndiyo yanayochosha upesi.

Simulia kwa nafsi ya tatu, ukikaa bega kwa bega na Akello tu. Ukiingia kichwani mwa Furaha hata mara moja, shaka imekwisha, maana yeye anajua. Usionyeshe simu. Binamu atajwe mara moja, mapema, katika sentensi inayohusu kitu kingine kabisa, kwa mfano kwamba ndiye anayechaji simu za jirani kwa sola.

Katika kusahihisha, fanya majaribio mawili. La kwanza: mpe msomaji hadithi mpaka mwisho wa tukio la kipimo, kisha mwulize nani aliandika insha. Ukiwapa watu watano na wote wakajibu namna moja, kuna ishara iliyopoteza kali lake la pili. Mara nyingi ni dagaa, kwa kuwa mwandishi amemfanya Akello ashtuke kupita kiasi. Punguza mshtuko, usiondoe ishara. La pili: mpe mtu aliyekulia Ituri au Kivu mistari ya daftari na majibu ya Furaha ya mdomoni, bila hadithi nyingine, umwambie asome kwa sauti. Popote ulimi wake unapokwama, andika kile alichokisema badala ya kile ulichokiandika wewe, kisha rudi kwenye nakala safi uone kama badiliko hilo limeigusa sentensi ya «anayewauza». Likiwa limeigusa, tukio la mazungumzo litabidi lipangwe upya tangu swali la pili.